Jedwali la zamu ambalo haliruhusu watu wawili kuchukua nafasi moja

Karibuni, watazamaji. Leo tunatengeneza jedwali la zamu katika Google Sheets kwa ajili ya mafundi kumi na wawili wa ushonaji hapa Bukavu wanaotumia mashine moja ya kudarizi, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi na alasiri. Nafasi ni 12, na kila fundi anachukua moja kwa juma.

Fungueni jedwali jipya kwenye kompyuta. Katika safu ya A, kuanzia A2 hadi A13, andikeni majina ya mafundi. Safu ya B iachwe wazi, kwa kuwa humo kila fundi ataandika namba ya nafasi anayoitaka. Katika E2 hadi E13 andikeni namba 1 hadi 12, na pembeni yake, katika safu ya F, maelezo ya kila nafasi: 1 ni Jumatatu asubuhi, 2 ni Jumatatu alasiri, na kuendelea, hivi kwamba 5 inakuwa Jumatano asubuhi. Wengi hupanga kinyume, yaani nafasi kwanza kisha jina pembeni, lakini mpango huo unampa anayechelewa fursa ya kufuta jina la mwenzake na kuandika lake.

Sasa chagueni B2 hadi B13, mwende kwenye Données, kisha Validation des données, na muongeze kanuni mpya. Katika aina ya kanuni chagueni ile ya fomula yenu wenyewe, mwandike hivi:

```
=AND(COUNTIF($E$2:$E$13;B2)=1;COUNTIF($B$2:$B$13;B2)=1)
```

Sehemu ya kwanza inahakikisha kwamba namba imo katika orodha, na ya pili kwamba imeandikwa mara moja tu katika safu ya B. Alama za dola zisisahauliwe, kwani bila hizo eneo linalohesabiwa litateremka pamoja na mstari, na fundi wa mwisho ataruhusiwa kuandika 12 tu, hata kama imekwisha kuchukuliwa. Kwa kuwa majedwali mengi ya kwetu yamewekwa kwa utaratibu wa Kifaransa, tunatenganisha kwa nukta-mkato. Jedwali lililowekwa kwa Kiingereza cha Marekani linataka mkato. Mkiona NB.SI mahali pa COUNTIF, kazi ni ile ile. Katika mipangilio ya ziada chagueni Refuser la saisie. Mkiacha onyo peke yake, namba iliyorudiwa itabaki kwenye seli.

Jaribuni: andikeni 5 katika B4, kisha 5 tena katika B9. Ya pili inapaswa kukataliwa.

Hatua inayofuata ni ulinzi. Katika Données fungueni Protéger des feuilles et des plages, mlinde ukurasa mzima isipokuwa B2:B13 kwa kutumia Sauf certaines cellules, na mwenye kuruhusiwa kuhariri awe ninyi tu. Hapo bado fundi anaweza kufuta namba ya mwenzake. Ili kuzuia hilo, lindeni kila seli ya B peke yake na muiruhusu anwani ya Gmail ya fundi wa mstari huo. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafanywa mara moja. Inahitaji kila fundi aalikwe kwa anwani yake, kwa sababu mtu anayeingia kwa kiungo bila akaunti hawezi kutambuliwa. Mjaribu kwa akaunti nyingine, kwani ulinzi haumzuii mwenye jedwali.

Kuna mianya miwili ambayo kanuni hii haiizibi. Fundi akinakili seli ya mahali pengine na kuibandika katika safu ya B, kanuni yenu inafutwa na ya seli ile inachukua nafasi yake. Tena, mafundi wawili wakiandika 5 kwa wakati mmoja, au mmoja akiandika mtandao ukiwa umekatika, kila simu inapima jedwali jinsi inavyoliona yenyewe, na zote mbili zinaweza kukubali. Kwa hiyo andikeni katika C2, kisha mvute hadi C13:

```
=IF(B2="";"";IF(COUNTIF($B$2:$B$13;B2)>1;"IMEGONGANA";"SAWA"))
```

Neno IMEGONGANA likitokea kwenye mistari miwili, bofyeni seli kwa kitufe cha kulia cha kipanya mwangalie historia ya mabadiliko yake, ambayo inaonyesha nani aliandika na lini. Nani abaki na nafasi ni uamuzi wa kikundi, na ni afadhali uafikiwe kabla ya juma la kwanza.

Juma likiisha, mwenye jedwali achague B2:B13 na kubonyeza kitufe cha kufuta. Namba zinaondoka, kanuni na ulinzi vinabaki. Asibandike seli tupu juu yake, maana hapo kanuni nayo itaondoka.