Pima Chaji Kabla Hujanunua Betri ya Pikipiki

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mmeniuliza betri gani ni bora kwa pikipiki: ya maji, ya kufungwa, au ya lithiamu. Nitajibu, ila nitaanza na umeme unaoingia kwenye betri, kwa sababu huo ndio unaoamua betri yoyote utakayoweka itadumu au haitadumu.

Chukueni kisa hiki. Kijana mmoja alileta pikipiki yenye betri ya kufungwa ya volti 12. Ilikuwa ya pili kumfia ndani ya muda mfupi, na alishaamua kuhamia lithiamu, akiamini kwamba betri za kufungwa ni dhaifu. Tuliipima ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.7. Ukisoma hapo tu utasema ni nzima. Tukabonyeza stata huku mita ikiwa imeshikwa kwenye vichwa vya betri, ikaanguka hadi 8.4. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya 9.6 hivi wakati stata inazungusha injini. Volti nzuri ikiwa imelala, halafu inaporomoka ikibebeshwa mzigo: hiyo ni dalili ya betri iliyokauka ndani.

Imekaukaje, na haina kizibo cha kufungulia? Tukaweka betri nzima ya kuazima, tukawasha injini, ikapata joto, tukapandisha resi hadi mizunguko 5,000 hivi kwa dakika. Mita ikasoma 15.6. Hapo inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Betri ilikuwa inapikwa.

Sasa hapa ndipo tofauti ya betri hizi tatu inapoonekana vizuri, maana kila moja inaumia kwa namna yake.

Betri ya maji ina bamba za risasi zilizozama ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Chaji ikizidi, maji yanachanganuka kuwa haidrojeni na oksijeni na kutoka kupitia mpira wa kupumulia. Utaona kimo kimeshuka chini ya alama, na pengine kutu nyeupe kuzunguka vichwa. Ubaya ni kwamba inakutaka uitazame, ila uzuri ni huohuo: tatizo linaonekana mapema, na ukiwahi unaongeza maji. Ongeza maji safi ya betri, yasiyo na chumvi wala madini, hadi alama ya juu, basi. Usiongeze asidi. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani, na ukiiongeza utaikuza nguvu yake hadi iharibu bamba.

Ya kufungwa ni risasi na asidi vilevile, ila asidi imenyonywa na pamba ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya bamba. Gesi inayotoka inarudishwa kuwa maji humo humo ndani. Haimwagiki, inavumilia mtikisiko wa barabara mbaya, na ikiwa imelala haipotezi chaji haraka kama ya maji. Lakini ikipigwa 15.6 kila siku, gesi inakuwa nyingi kuliko inavyoweza kurudishwa, vali inafunguka, maji yanaondoka, na huna pa kuyarudishia. Ndiyo yaliyozikuta betri mbili za kijana yule.

Na lithiamu? Zinazotengenezwa kwa pikipiki kwa kawaida ni za lithiamu, chuma na fosfeti, seli 4 zilizofuatana. Uzito wake ni kama theluthi ya betri ya risasi, inazungusha stata kwa nguvu, na inaweza kukaa miezi bila kupoteza chaji ya maana. Ila haina huruma kwa volti zinazozidi. Kwa 15.6, saketi yake ya ulinzi, kama inayo nzuri, itaikata. Kama haina, seli zitapata joto na kuvimba. Kijana angetoa fedha nyingi zaidi kuua betri nyingine kwa ugonjwa uleule.

Kwa hiyo tukatafuta chanzo. Rektifaya ya pikipiki ile, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, ina waya mwembamba wa kusomea volti. Tukapima: kwenye waya huo 14.4, kwenye betri 15.6. Volti 1.2 zilikuwa zinapotelea kwenye plagi iliyoliwa na kutu, na rektifaya, ikidhani umeme ni mdogo, ikawa inaachia zaidi. Rektifaya yenyewe ilikuwa nzima! Plagi ikabadilishwa, chaji ikatulia kwenye 14.3. Akawekewa betri ya kufungwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayowafaa waendeshaji wengi.

Ya maji ningeichagua kama pikipiki ni ya zamani, ilitengenezwa kwa betri hiyo, na mwenyewe ana desturi ya kuikagua. Lithiamu ningeichagua kwa anayejali uzito kweli, mwenye chaji iliyopimwa na isiyovuka 14.5, na asiyeishi kwenye baridi kali. Chini ya nyuzi 0 lithiamu haitakiwi kuchajiwa, na stata inaweza kuonekana nzito asubuhi. Washa taa dakika moja au mbili ijipashe, kisha jaribu tena.

Dukani, angalia vipimo vya boksi na upande ilipo chanya, maana nyaya ni fupi na kuzigeuza ni kuunguza vifaa. Kwenye lithiamu soma saa-ampea, yaani kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri, kwa makini. Nyingine zimeandikwa namba ya kulinganisha na betri ya risasi, kwa kuangalia nguvu ya stata, wakati umeme uliomo ni mdogo zaidi. Mwenye alamu au kifaa cha kufuatilia pikipiki asidanganyike na namba hiyo.

Na hivyo vifaa vinavyonyonya pikipiki ikiwa imezimwa ndivyo nimalizie navyo. Toa waya wa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri, swichi ikiwa imezimwa. Anza na kipimo kikubwa cha mita, na usibonyeze stata. Tuseme inasoma miliampea 20. Kwa saa 24 hiyo ni karibu nusu saa-ampea. Betri ya saa-ampea 6 itabaki nusu baada ya siku 6 hivi, na betri ya risasi ikikaa chini ya volti 12.4, salfeti inaanza kuganda kwenye bamba na uwezo hauji kurudi wote.

Ukijua pikipiki italala wiki kadhaa, kata hasi kwanza, kisha chanya. Ukirudisha, anza na chanya. Betri ya risasi ichaji kwa sehemu moja ya kumi ya saa-ampea zake, yaani ya 6 kwa ampea 0.6. Lithiamu itumie chaja yake, isiyo na hatua ya kuondoa salfeti, kwa sababu hatua hiyo inapandisha volti kupita kiasi. Na usiisome kwa namba za risasi: ikiwa imelala imejaa inaonyesha 13.3 hivi, na 12.8, ambayo kwa betri ya kufungwa ni chaji iliyojaa, kwa lithiamu maana yake inakaribia kwisha, ichaji siku hiyohiyo.