Saa Kumi na Mbili ya Jioni: mhadhara kwa wanaojitolea, Kisumu

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie matangazo tunayoyapanga mapema yajitume yenyewe. Nitazungumzia tangazo moja tu. Lilikuwa na maneno kumi, na lilitoka mapema kwa muda wa saa sita. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi siku hiyo, kwa hiyo ninayowaambia niliyaona kwa macho yangu.

Tulikuwa na kambi ya macho upande wa Ahero, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa shule. Wengi wenu mmeshawahi kusaidia kambi za namna hiyo. Mgonjwa anaandikishwa, anasomeshwa herufi ubaoni, kisha yule anayeshukiwa kuwa na mtoto wa jicho au shida nyingine ndani ya jicho anatiwa matone ya kupanua mboni. Hapo lazima asubiri. Matone huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, ndipo daktari aweze kuchungulia ndani. Na yakishafanya kazi, mgonjwa haoni vizuri vitu vya karibu kwa saa kadhaa, na jua linamchoma macho. Mtu wa namna hiyo hawezi kusoma simu. Anayesoma ni aliyemleta: mjukuu, binti, jirani. Naomba mlishike hilo.

Mwenzetu mmoja, binti anayejitolea nasi kwa moyo wote, ndiye aliyeshughulikia ukurasa wetu wa Facebook na makundi ya WhatsApp. Ijumaa usiku alifikiri kama mtu mwenye akili. Alijua Jumamosi mikono yake haitakuwa huru, kwa sababu kazi yake nyingine ilikuwa kuwashika wagonjwa mkono kutoka kwenye matone hadi kwenye meza ya daktari. Kwa hiyo akapanga matangazo ya siku nzima mapema. La mwisho lilikuwa la kufunga: "Kambi imefungwa kwa leo. Walio kwenye foleni warudi kesho. Asanteni."

Saa ya kufunga nilimpa mimi, kwa kalamu, kwenye daftari. Niliandika: *kufunga, 12 jioni.* Yeye akachukua simu, akafika mahali pa kuchagua saa, akaweka 12, akatafuta jioni. Kwenye kioo hapakuwa na neno jioni. Palikuwa na `AM` na `PM`. Asubuhi ni `AM`, jioni ni `PM`, kila mtoto wa shule Kenya anajua hivyo. Akachagua `12:00 PM`, akahifadhi, akalala.

`12:00 PM` ni saa sita mchana.

Jumamosi saa sita kamili nilikuwa nimesimama karibu na hema la matone. Foleni ilikuwa imezunguka darasa zima. Nikasikia simu zikilia, moja, mbili, kisha nyingi. Kijana mmoja akasoma kwa sauti, akageuka akamwambia nyanya yake, "Dani, wamefunga. Turudi kesho." Mama yule alikuwa ametiwa matone muda mfupi tu, kitambaa bado kimebanwa kwenye macho. Alinyanyuka, akashika bega la mjukuu, wakaanza kutembea kuelekea barabarani. Niliwakimbilia nikawarudisha. Lakini nilipoinua kichwa niliona wengine wengi wakikunja mikeka, na pikipiki zikianza kujaa getini. Waliokuwa bado njiani, wametoka Nyakach na Kano, walilipata tangazo wakiwa steji ya Ahero, wakageuza kutoka hapo hapo. Hao hatukuwaona kabisa siku ile.

Tulipokaa jioni kutafuta kosa, neno la kwanza lililosemwa lilikuwa "mtambo umeharibika." La pili lilikuwa "ni majira ya nchi, simu inafuata saa za Ulaya." Nawaomba mkae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo kuna jambo la kujifunza ambalo hulipati kwa kulaumiana.

Urefu wa kosa unakuambia kosa ni lipi. Saa ya Kenya iko mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa `UTC`, kwa saa tatu, mwaka mzima, bila kubadilika. Kama mtambo wetu ungekuwa umewekwa kwenye `UTC` na tukaandika `18:00`, tangazo lingetoka saa tatu usiku, yaani lingechelewa kwa saa tatu. Letu halikuchelewa. Lilitangulia, tena kwa saa sita kamili. Saa sita ndiyo tofauti kati ya saa tunayoitamka kwa Kiswahili na saa inayosomwa kwa tarakimu za Kiingereza. Hapo ukajua huna haja ya kuhangaika na mpangilio wa majira. Tuliukagua hata hivyo, na ulikuwa umewekwa Nairobi kama inavyotakiwa. Siku tangazo lako likikosea kwa saa kumi na mbili, basi tafuta `AM` na `PM` zilizobadilishana.

Sisi watu wa huku tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na tuna haki. Ikweta inapita hapo Maseno. Jua letu linachomoza na kuzama karibu wakati ule ule Januari na Julai. Ukisema saa moja, kila mtu anajua kumekucha. Mtu mmoja husema "saa mbili asubuhi" kwa Kiswahili na `8:00` kwa Kiingereza ndani ya sentensi moja, wala hajikwai. Ulimi unatafsiri wenyewe. Lakini tarakimu iliyo peke yake kwenye karatasi haitafsiriki, inanakiliwa tu. Nilipoandika "12" badala ya "kumi na mbili," nilimwondolea mwenzangu kile kilichokuwa kinamwambia kwamba hiyo ni saa ya Kiswahili. Ndiyo maana nasema kosa lilianza kwenye kalamu yangu, kabla halijafika kwenye kidole chake.

Tangu siku ile tunaandika saa mara mbili, kwa maneno na kwa tarakimu za saa ishirini na nne: "saa kumi na mbili jioni, `18:00`." Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza sita, basi. Saa nne asubuhi ni `10:00`, saa kumi jioni ni `16:00`. Jua likishazama, kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, ongeza kumi na nane: saa mbili usiku ni `20:00`. Saa sita ya usiku ni `00:00`, na baada yake unatoa sita: saa tisa usiku ni `03:00`, saa kumi na moja alfajiri ni `05:00`.

Usiku wa manane una mtego wake wa tarehe. Kwa kalenda ya simu, ikishafika `00:00` siku imebadilika, ingawa sisi bado tunasema "usiku wa Jumamosi." Magazeti yetu yana usemi mzuri hapa: usiku wa kuamkia Jumapili. Tumieni huo. Ukiandika "saa nane usiku wa kuamkia Jumapili," anayepanga atachagua tarehe ya Jumapili na hatakosea.

Na baada ya kuhifadhi, usifunge simu. Rudi kwenye orodha ya matangazo yanayosubiri, mpe mwenzako asome kile kilichoandikwa kwenye kioo, kisha aseme saa hiyo kwa Kiswahili kwa sauti. Angesoma `12:00 PM` akatamka "saa sita mchana," sote tungeshtuka Ijumaa ile ile.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza kama hatukulifuta. Tulilifuta mama, ndani ya dakika chache. Kulifuta kwenye ukurasa kulisaidia kwa waliokuwa hawajalifikia. Lakini watu walikuwa wameshalipiga picha kwenye kioo na kulisambaza kwenye makundi ya kanisa, ya chama na ya ukoo, na nakala hizo hatukuwa na uwezo nazo. Ujumbe uliosambazwa na mwingine huufuti wewe. Kilichosaidia zaidi ni tangazo jipya lililotaja saa: "Jumamosi, saa sita na robo mchana: kambi ya macho iko wazi. Tangazo la kufungwa lilitoka kimakosa." Hilo nalo likasambazwa, na baadhi walirudi.

Asubuhi ya Jumapili ikaja shida ya pili ambayo hatukuitarajia. Watu walitupigia wakisema wameona kambi imefungwa leo. Leo ipi? Walikuwa wanasoma nakala za jana. Tangazo lina saa mbili: saa linapotoka na saa linaposomwa, na kati ya hizo mbili kunaweza kupita usiku mzima. Facebook yenyewe haionyeshi mambo kwa kufuata mpangilio wa saa. Posti ya jana hukutokea leo juu kabisa. Kwa hiyo neno "leo" na neno "kesho" tuliyaondoa kabisa kwenye matangazo yetu. Tunaandika jina la siku na tarehe, hata kama sentensi inakuwa nzito kidogo.

Sasa niseme lile ninaloliamini kuliko yote, ingawa wenzangu wengine bado hawakubaliani nami. Hata kama tangazo lile lingetoka `18:00` sawasawa, halikustahili kupangwa. Kambi haifungwi na saa. Inafungwa daktari anapomaliza mgonjwa wa mwisho aliyetiwa matone, na hilo linaweza kuwa saa kumi na moja au saa moja na nusu. Kumkumbusha mtu kwamba kambi inaanza saa mbili asubuhi, abebe kitambulisho, aje na mtu wa kumwongoza, hilo lipangeni, saa ndiyo inayoliongoza. Lakini tangazo linalosema jambo fulani *limetokea* lisubiri litokee, na litumwe na mtu anayeliona. Dawa zimefika, foleni imefungwa, daktari ameondoka: hayo hayajui saa.

Yule binti alitaka kuacha kazi. Nilimwonyesha daftari langu, mstari ule wa "12 jioni," na tukakaa nao mbele yetu muda mrefu. Hakuacha. Bibi wa kitambaa alipimwa Jumamosi ile ile, na akapewa tarehe ya upasuaji.

Kambi iliyofuata, binti huyo huyo aliandika tangazo la kufunga mapema na kuliacha bila kulipangia saa, jina la siku na tarehe vikiwa ndani. Alilituma kwa mkono saa moja kasorobo, `18:45`, akiwa amesimama getini, baada ya kumpandisha mgonjwa wa mwisho kwenye pikipiki.