Daftari moja la ada, sura tatu

Habari za asubuhi wenzangu wahasibu na makarani wa shule. Nimeombwa nizungumzie Custom Views ya Excel, yaani sehemu ya kuhifadhi mionekano kadhaa ya faili moja na kuhama kutoka mmoja hadi mwingine. Nitatumia faili tunalolijua wote, daftari la ada.

Hili mnaloliona ukutani lina safu kumi na tatu, A hadi M. A ni namba, B jina, C kidato, D bweni au kutwa, E simu ya mzazi, F ada ya mwaka. G hadi J ni awamu nne za malipo, K jumla iliyolipwa, L deni, M maoni yangu mimi. Sasa mkuu wa shule anataka majina, ada, jumla na deni tu. Mwalimu wa darasa anataka wadaiwa pamoja na simu za wazazi. Mimi nataka yote. Zamani nilikuwa nakopi, napata mafaili matatu. Mzazi akilipa, narekebisha moja na kusahau mawili. Siku moja mama wa watu akapigiwa simu ya deni alilokwisha kulilipa, na alikuja na risiti yake mkononi.

Kwa hiyo faili liwe moja, kinachobadilika ni mwonekano. Kabla hujaficha chochote, hifadhi kwanza mwonekano wa kila kitu. Fungua View, bonyeza Custom Views, kisha Add. Andika jina "Yote". Chini yake kuna visanduku viwili, Print settings na Hidden rows, columns and filter settings. Acha vyote viwili na tiki, ubonyeze OK. Huu ndio mlango wa kurudia nyumbani. Asiyeutengeneza hubaki anafichua safu mojamoja.

Sasa wadaiwa. Ninaficha F hadi K, na M. Nabaki na namba, jina, kidato, bweni au kutwa, simu na deni. Naweka kichujio, na kwenye L nachagua Number Filters, Greater Than, naandika 0. Kisha naenda Page Layout: karatasi ya A4 iliyosimama, na kwenye Print Titles naweka mstari wa kwanza ujirudie juu ya kila ukurasa. Baada ya hapo narudi Custom Views, Add, "Wadaiwa". Kwa mkuu ni hivyo hivyo: naondoa kichujio, naonyesha safu anazozitaka, nalaza karatasi, nahifadhi "Mkuu".

Kuhama ni Alt, kisha W, kisha C. Chagua jina, bonyeza Show. Tazameni: kichujio, safu na mpangilio wa kuprinti vimegeuka pamoja. Ukitaka kurekebisha mwonekano, hakuna kitufe cha kuuhariri. Uupange upya, uuhifadhi kwa jina lile lile, Excel itakuuliza kama ufute wa zamani.

Naona mkono kule nyuma. Anasema kwake Custom Views imefifia, haibonyezeki. Ndugu yangu, kuna jedwali ndani ya faili lako, lile linalotengenezwa kwa Ctrl+T. Likiwapo moja tu, hata kwenye shiti nyingine ambayo huifungui, Custom Views inazimika kwa faili zima. Pita shiti kwa shiti. Ukibofya ndani ya data na kichupo cha Table Design kikajitokeza, umelipata. Bonyeza Convert to Range. Rangi zinabaki, ila fomula hazitajiongeza zenyewe unapoandika mwanafunzi mpya, utazivuta kwa mkono. Mimi nimekubali hasara hiyo. Mwenye daftari linaloongezeka mistari kila siku huenda asikubali, na sitamlaumu.

Ukiona ujumbe kwamba baadhi ya mipangilio haikuweza kutumika, angalia kama shiti imefungwa kwa Protect Sheet. Ifungue kwanza, ndipo uhame.

Jingine ni la kuangalia kabla ya kuprinti. Ukifichua safu za awamu na kuingiza malipo ukiwa ndani ya "Wadaiwa", aliyemaliza deni haondoki kwenye orodha mwenyewe. Nenda Data, bonyeza Reapply. Nawasihi, yule mama msimwite tena. Na ukiongeza safu mpya katikati ya muhula, pitia kila mwonekano kwa macho, kwa sababu safu hiyo inaweza kujitokeza mahali usipoitaka.

Mwisho, hizi safu zimefichwa, hazijafungwa. Ukimtumia mkuu faili likiwa kwenye "Mkuu", simu za wazazi na maoni yangu ya safu M vimo mle mle. Akichagua "Yote" anavisoma. Mimi humtumia PDF.