Firigisi Haiivi kwa Kutazamwa Rangi

Ndugu zangu mama lishe na baba lishe, nimepewa dakika 20 nizungumzie firigisi, miguu na shingo za kuku, na wanaonifahamu wamekwisha kuanza kucheka, kwa sababu wanajua kwamba nikishika firigisi, miguu na shingo hubaki zikisubiri mhadhara mwingine. Nitajitahidi. Ila siwezi kunyamaza wakati kila asubuhi katika mji huu watu wanauziwa supu ya firigisi inayotafunika kama ukanda wa kandambili, kisha mpishi anasema firigisi ndivyo zilivyo.

Nianze na ile ngozi ya njano iliyo ndani. Kuku hana meno, na kazi ya kusaga hufanywa na firigisi kwa kubana chakula pamoja na vijiwe ambavyo kuku amevimeza, na ngozi hiyo ngumu ndiyo inayoukinga msuli usichubuke. Kitu kilichohimili kusagana na mawe hakiwezi kulainishwa na sufuria lako. Kitoe. Pasua firigisi kwa upande wake mnene, ifungue kama kitabu, mwaga vilivyomo, suuza kwenye beseni, halafu ikaushe kwa kitambaa safi kabla ya kuanza kumenya, kwa maana vidole vikilowa vinateleza na utaishia kuikwangua kwa kisu na kuacha vipande. Ingiza ukucha au ncha ya kisu ukingoni, pale ngozi ilipoanza kujikunja, uivute, nayo itatoka ikiwa kipande kizima ukiwa na bahati. Ukishamaliza, pitisha kidole gumba juu ya nyama: mahali penye mikwaruzo kama msasa bado pana ngozi, na mahali panapoteleza pamekwisha.

Najua kuna atakayesema kwamba yeye hununua zilizokwisha kumenywa. Vizuri, lakini zipitishie kidole hicho hicho, kwa sababu anayemenya ndoo nzima kabla ya jua kuchomoza huchoka kama binadamu yeyote. Wengine watauliza kuhusu ule utando mweupe unaong'aa pembeni. Ukitaka kukaanga firigisi haraka, ukate. Ukitaka supu au rosti ya mchuzi, uache, maana ukichemka muda wa kutosha huo huo ndio unaogeuka ute unaoifanya supu ishike midomo. Na tafadhali, osheni ndani ya beseni, si kwa bomba lililofunguliwa kwa nguvu, kwa kuwa matone ya kuku mbichi yanayoruka hubeba vijidudu hadi kwenye kachumbari iliyo pembeni.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu wa miaka yote, ambao ni moto. Firigisi ni msuli uliofanya kazi tangu kuku alipotoka kwenye yai, na umejaa nyuzi za kuunganishia nyama ambazo haziachiani kwa haraka. Katika nusu saa ya kwanza nyama hujikunja na kukaza, kwa hiyo firigisi iliyochemka dakika 30 mara nyingi ni ngumu kuliko ilivyoingia. Rangi yake, hata hivyo, imekwisha kuwa ya kijivu hadi katikati, na hapo ndipo mpishi mwenye haraka anapodanganyika, anatia chumvi na kupakua. Mwingine huona ugumu na kuongeza mkaa. Ndugu zangu, hapa Dar es Salaam tuko kando ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100, na hata ukilijaza jiko gunia zima hayapandi zaidi. Yanaruka tu, yanapungua, na yanavuruga mafuta mpaka supu inakuwa na rangi ya maji ya mvua ya masika. Anayetaka joto lipite hapo atumie sufuria la presha, na kwa firigisi za broila dakika 25 hivi baada ya kuanza kupiga mvuke zinamtosha.

Kwa sufuria la kawaida, anza na maji baridi yanayozifunika kwa vidole viwili, engua povu yanapoanza kuchemka, tia tangawizi na vitunguu swaumu, kisha ondoa sehemu ya mkaa na uufunike uliobaki kwa majivu, mpaka vipovu vipande kimoja kimoja badala ya kugombana. Chumvi iwe ya mwisho, kwa kuwa maji yanapungua na chumvi haipungui.

Papai bichi? Nilijua mtauliza. Linasaidia likipakwa kabla ya kupika, au maji yakiwa bado yanapanda joto, lakini yakishachemka nguvu yake imekufa, kwa hiyo kipande kinachotupwa kwenye sufuria linalotokota ni mboga ya nyongeza tu. Magadi yanalainisha kweli, na yanaacha ladha ya sabuni. Mkaa mdogo na subira ni rahisi kuliko vyote viwili.

Niwape kosa langu mwenyewe. Nilipikia shughuli ya jirani huko Mbagala, nikanunua kilo 2 za firigisi za broila, na mwenye shughuli akaleta kilo 1 za kuku wa mayai waliokwisha kustaafu. Nikazitia zote katika sufuria moja saa 12 asubuhi. Saa 1 na robo nikaichoma moja kwa kijiti, kikapita bila kusukumwa, nikaepua kwa furaha. Ilikuwa ya broila. Bibi mmoja akatafuna, akatafuna, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hii nimeze au nikurudishie?" Nikalirudisha sufuria jikoni, na kufikia saa 2 na nusu zile za kuku wa mayai zililainika, lakini za broila zilikwisha kuchambuka kama katani.

Broila huchinjwa akiwa na majuma machache, na kuku wa mayai aliyestaafu amepitisha mwaka na zaidi akisaga. Hawa hawawezi kuiva kwa wakati mmoja. Zitenge kabla ya kupika: firigisi ya kuku mkubwa ni nene, nyekundu iliyokolea, na ngozi yake ya njano ni nzito kumenya. Kama ningetia hizo saa 12, na za broila saa 1 na robo, zote zingekuwa tayari saa 2 na nusu. Na nisingechoma kijiti kwenye moja, ningechoma katika kubwa kuliko zote. Kwa kuku wa kienyeji usitoe ahadi ya saa kabisa, kwa sababu hakuna ajuaye umri wake ila aliyemfuga, na wakati mwingine hata yeye husingizia.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Miguu: imwagieni maji ya moto kwa nusu dakika tu, menyeni ile ngozi ya juu ya manjano ikiwa bado moto, na kateni kucha kwenye kiungo chake, si katikati ya kucha, ukiizidisha majini ngozi ya chini nayo hutoka na utabaki na mifupa. Shingo: vueni ngozi kama mchuzi una mafuta ya kutosha, na ng'oeni koromeo, lile bomba lenye mapete, pamoja na mabaki ya mfuko wa chakula ulioko chini yake, ambao ndio unaotia harufu ya pumba kwenye supu. Dakika 40 zinazitosha za broila. Yule mama wa mbele aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja papai, karibu uulize.