Kununua kampuni kwa hisa au kwa taslimu: pato la kila hisa linakwenda wapi?

Zuhura: Karibuni tena. Leo tuna ununuzi mmoja, tutaulipia kwa njia tatu, tuone pato la kila hisa la mnunuzi linapanda au linashuka. Kaka Mrisho, weka namba mezani, lakini ziwe nyepesi, kuna wanaotusikiliza wakiwa ndani ya daladala.

Mrisho: Nyepesi kabisa. Huu ni mfano wa kubuni. Mnunuzi ana faida ya shilingi milioni 1,000 baada ya kodi, na hisa milioni 500. Gawanya: kila hisa inapata shilingi 2. Sokoni hisa hiyo inauzwa shilingi 24, yaani mara 12 ya pato lake. Anataka kununua kampuni yenye faida ya milioni 200, na wenyewe wamekubali milioni 3,000.

Zuhura: Mara 15 ya faida. Kwa hiyo ananunua kwa bei ghali kuliko yeye anavyothaminiwa na soko.

Mrisho: Hapo hapo umeshika mzizi. Tuanze na kulipa kwa hisa. Milioni 3,000 ukigawanya kwa 24, anatoa hisa mpya milioni 125. Faida za pamoja ni 1,200, hisa sasa ni 625. Kila hisa inapata shilingi 1.92. Limeshuka kwa asilimia 4.

Zuhura: Na hakuna kilichoharibika kwenye biashara yenyewe. Viwanda ni vilevile, wateja walewale.

Mrisho: Ndiyo. Ukilipa kwa hisa, mwenye kampuni unayoinunua anakuwa mwenzako kwenye faida yote, ya kwako na ya kwake. Ndiyo maana kanuni ya haraka ni kulinganisha ile mara 12 na ile mara 15. Anayethaminiwa kwa mara chache akimnunua kwa hisa anayeuzwa kwa mara nyingi, pato la hisa linashuka. Ikiwa kinyume, linapanda.

Zuhura: Basi watu watasema, afadhali kukopa kuliko kuwakaribisha wageni kwenye faida.

Mrisho: Ndivyo vitabu vingi vinavyofundisha, maana vimeandikwa kwa nchi ambako kampuni kubwa inakopa kwa riba ndogo. Sisi tukope hizo milioni 3,000 kwa asilimia 14. Riba ni milioni 420 kwa mwaka. Riba inapunguza kodi, na kodi ya kampuni Kenya na Tanzania ni asilimia 30, kwa hiyo mzigo halisi ni 294. Toa kwenye 1,200, inabaki 906. Hisa ni zile 500. Pato la kila hisa: shilingi 1.81.

Zuhura: Subiri. Mkopo umeumiza kuliko hisa? Zaidi ya asilimia 9 imekwenda!

Mrisho: Zaidi ya mara mbili ya hisa. Sasa njia ya tatu: mnunuzi anazo fedha zake mwenyewe, zimekaa kwenye dhamana za serikali kwa asilimia 8. Akizitoa anapoteza riba ya milioni 240, ambayo baada ya kodi ya asilimia 30 ni 168. Faida inakuwa 1,032. Kwa hisa 500, ni shilingi 2.06. Limepanda.

Zuhura: Ununuzi uleule, bei ileile, majibu matatu.

Mrisho: Geuza kila kitu kiwe asilimia, utaona sababu. Kampuni unayoinunua inakurudishia 200 kwa kila 3,000, yaani asilimia 6.7. Fedha zako zilikuwa zinakuletea 5.6 baada ya kodi. Hisa zako zinakugharimu 8.3, hiyo ni shilingi 2 kwa 24. Mkopo ni 9.8. Kinachogharimu chini ya 6.7 kinapandisha pato, kilicho juu yake kinalishusha. Hesabu yote ni hiyo.

Zuhura: Kosa ninaloliona sana ni mtu kuhesabu fedha za mkononi kama za bure. Anaandika 1,200 kwa 500, anapata 2.40, anatangaza ongezeko la asilimia 20.

Mrisho: Ukiona ongezeko kama hilo kwenye ununuzi wa taslimu, tafuta mstari wa riba iliyopotea. Mara nyingi haupo.

Zuhura: Na bei ya 24? Ikitangazwa habari, soko linaweza kuikataa.

Mrisho: Inategemea mkataba umefunga nini. Kama umefunga thamani ya 3,000, na hisa imeshuka hadi 20, mnunuzi atatoa hisa milioni 150 badala ya 125. Pato linakuwa 1.85, na maumivu yote ni ya wenye hisa wake. Kama umefunga uwiano wa kubadilishana hisa, idadi inabaki 125, na muuzaji ndiye anayepokea kitu chenye thamani pungufu.

Zuhura: Mfano wa uwiano tunao hapa jirani. KCB walipoichukua Benki ya Taifa ya Kenya mwaka 2019, walitoa hisa 1 ya KCB kwa kila hisa 10.

Mrisho: Hisa mpya takribani milioni 147, juu ya zaidi ya bilioni 3 zilizokuwepo. Ni kama asilimia 4.8. Faida ya KCB ya 2018 ilikuwa karibu bilioni 24, kwa hiyo ili pato la hisa lisishuke, benki mpya ilitakiwa ilete zaidi kidogo ya bilioni 1.1 kwa mwaka. Angalia pia kwamba hisa zile ziliingia mwaka ukiwa umeshakwenda sana. Pato la hisa huhesabiwa kwa wastani wa hisa kulingana na muda zilizokuwepo, kwa hiyo mwaka wa kwanza huonyesha kipande tu cha athari. Subiri mwaka kamili.

Zuhura: Turudi kwa mnunuzi wetu. Atasema tutaokoa gharama, tutaunganisha maghala, pato litarudi.

Mrisho: Mdai kiasi. Kwa njia ya hisa, ili arudi shilingi 2 anahitaji faida ya 1,250, yaani anapungukiwa 50 baada ya kodi, au kama 71 kabla ya kodi. Kwa mkopo anapungukiwa 94, ambayo ni 134 kabla ya kodi. Halafu linganisha na gharama zote za kampuni iliyonunuliwa. Kama gharama zake za uendeshaji ni 500, anakuambia atafuta zaidi ya robo. Mwambie akuonyeshe ni ghala lipi na mishahara ipi.

Zuhura: Na kuna kitu kinachosahaulika: orodha ya wateja na jina la biashara. Vikithaminiwa wakati wa ununuzi, vile vyenye muda maalumu hupunguzwa thamani kila mwaka.

Mrisho: Tuseme wateja wamethaminiwa milioni 400 kwa miaka 10. Hapo 40 kwa mwaka zinatoka kwenye faida, hata kama hakuna senti inayotoka benki. Ukiacha kodi pembeni, kwa fedha za mkononi ile 1,032 inakuwa 992.

Zuhura: Yaani shilingi 1.98. Ule ununuzi pekee uliokuwa unapandisha nao umeshuka.

Mrisho: Na hapo mkurugenzi ataleta pato "lililorekebishwa" ambalo hizo 40 zimerudishwa. Siyo uongo, ila uliza namba zote mbili, na uliza kama mwaka jana nao umerekebishwa vivyo hivyo.