Mteja wa pili ni yule yule wa kwanza: kuuza mchele kwa WhatsApp

Habari za jioni. Nimeombwa niongee na wauzaji wa vyakula vikavu, kwa hiyo mfano wangu leo ni mmoja tu, muuzaji wa mchele Dar es Salaam anayepelekea wateja majumbani kwa bodaboda. Anayeuza maharage, dagaa au unga atabadilisha namba zake mwenyewe. Nauchukua mchele kwa sababu unaisha. Ukijua mteja ana watu wangapi nyumbani, unaweza kukisia tarehe atakayofika chini ya gunia, na oda ya pili inakaa kwenye tarehe hiyo.

Tuanze na katalogi, ingawa siyo yenye kazi kubwa. Ndani ya WhatsApp Business kila bidhaa ina picha, jina, bei na maelezo. Sehemu ya bei ni moja, kwa hiyo usiandike bidhaa moja inayoitwa "Mchele" halafu ukajaza uzito wote kwenye maelezo. Tengeneza tatu: "Mchele Kyela kilo 5", "Mchele Kyela kilo 10", "Mchele Kyela kilo 25". Mteja akiweka kilo 10 mbili kwenye kikapu, jumla inajitokeza yenyewe na wewe unapokea oda iliyokwisha kuhesabiwa. Mtindo wa "bei njoo inboksi" uacheni. Mtu anayeulizia bei tu atakuchosha kwa maswali, na mwenye haraka atahamia kwa muuzaji aliyeiandika.

Picha iwe ya mchele wenyewe, punje zikionekana, zimepigwa mchana karibu na dirisha. Mnunuzi wa mchele anatafuta chenga na mawe, na picha ya gunia lililofungwa haimwonyeshi hata kimoja.

Jambo linaloleta ugomvi ni kwamba katalogi haihesabu mzigo. Ukibaki na kilo 5 dukani, yenyewe itaendelea kumwonyesha mteja kilo 25. Oda ikija kwenye kikapu siyo malipo wala ahadi, ni ujumbe tu. Kwa hiyo mzigo ukiisha, iingie bidhaa hiyo uifiche kwa "Hide item". Usiifute, maana ukiifuta utaanza upya na picha, bei na maelezo. Na kila oda ijibiwe kwanza kwa kuthibitisha: kilo ngapi, mtaa gani, nauli ya boda kiasi gani, jumla ni hii, lipa namba ni hii.

Sasa tufike kwenye jambo lililonileta. Wauzaji wengi wanalalamika kwamba wametuma tangazo kwa watu 200 na wamejibiwa na wanne. Wanadhani wateja wamewachoka. Mara nyingi ujumbe haukufika kabisa. Orodha ya brodikasti inabeba hadi watu 256, lakini WhatsApp inaufikisha ujumbe kwa yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kumhifadhi yeye hakutoshi. Asiyekuhifadhi hapati kitu, wala wewe huletewi taarifa kwamba umekataliwa.

Utajuaje? Fungua ule ujumbe ndani ya orodha, ubonyeze na kuushikilia, kisha uingie kwenye "Info". Pale utaona nani umemfikia na nani ameusoma. Subiri siku nzima ipite, kwa sababu kuna waliozima simu au walioishiwa bando. Ambaye bado hajafikiwa baada ya hapo, na unajua anajibu watu wengine WhatsApp, ama hajakuhifadhi ama amekublok. Angalia tena kwenye tangazo lijalo. Akikosekana tena, mtoe kwenye orodha.

Stetasi ni ngumu zaidi ya hapo. Ukiiacha kwenye mpangilio wa kawaida, inaonekana pale tu nyote wawili mmehifadhiana. Kwa hiyo muuzaji anayejibu chati kutwa bila kuhifadhi namba za wanunuzi anapiga picha nzuri za mchele zinazotazamwa na ndugu zake na wauzaji wenzake.

Dawa yake ni ndogo, ila ina wakati wake. Usimwombe mtu akuhifadhi anapouliza bei, hajakujua bado. Mwombe mara tu anapolipa, kwa sababu hapo ana sababu ya kutaka kukupata tena. Mtumie kadi ya namba yako kupitia kitufe cha kuambatisha, sehemu ya "Contact", ili abonyeze tu na kuhifadhi bila kuandika tarakimu. Chini yake andika hivi: "Hifadhi namba hii ili upate bei mzigo ukishuka. Ukitaka nisikutumie matangazo, niambie tu." Sentensi ya pili msiione kama udhaifu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Tena mtu asiyependa akikosa njia ya kukuambia, atabonyeza "Report", na namba inayoripotiwa na wengi hufungiwa. Siku hiyo unapoteza orodha, katalogi na chati kwa pamoja.

Na wewe muda huo huo mhifadhi, kwa jina litakalokufanyia kazi. "Mteja mpya" ni jina lisilosema kitu. Andika "Tabata Mama Neema K10 W5", yaani mtaa, jina, kilo anazonunua, watu wa nyumbani. Idadi ya watu unaipata kwa swali la kawaida la muuzaji: "Mko wangapi nyumbani, nikushauri kilo?" Hakuna anayelikasirikia.

Tumfuate huyo Mama Neema wa mfano. Amenunua kilo 10 tarehe 3 Machi, nyumbani wako watano, wanapika wali mara moja kwa siku. Ukikadiria nusu kilo kwa mpiko mmoja, kilo 10 ni siku 20. Akianza kupika tarehe 4, mchele unaisha tarehe 23. Usimkumbushe tarehe 23, kwa sababu akiona gunia linaelekea mwisho atamtuma mtoto duka la jirani. Mkumbushe siku tatu kabla, tarehe 20. Daftarini andika tarehe ya kukumbusha tu, siyo ya kununua, ili asubuhi ukifungua ukurasa uone majina ya leo bila kupiga hesabu.

Ujumbe huo unatumwa kwake peke yake, siyo kwa brodikasti. Uweke kwenye majibu ya haraka, kwa mfano kwa njia ya mkato `/kumbusha`, kisha ongeza jina: "Mama Neema, habari za asubuhi. Nadhani zile kilo 10 zinakaribia kuisha. Boda ya Tabata inatoka kesho saa 4, nikuwekee 10 nyingine?" Swali moja, linalojibika kwa neno moja.

Akijibu "bado upo", wauzaji wengi huandika "sawa" na kunyamaza. Hapo ndipo pa kuuliza umebaki kilo ngapi. Tuseme anakuambia kama nne. Basi siku 17 zimekula kilo 6, yaani karibu gramu 350 kwa siku, siyo nusu kilo. Kilo 4 zilizobaki zitakwenda siku kumi na moja, hadi tarehe 31, na utamkumbusha tarehe 28. Kuanzia hapo hukisii tena, una kipimo cha nyumba hiyo. Kitabadilika wakati wa likizo za shule na mwezi wa Ramadhani, hilo mnalijua.

Sasa brodikasti inabaki na kazi gani? Habari inayowahusu wengi kwa wakati mmoja: mzigo umeshuka, bei imepanda, boda haziendi kesho. Tengeneza orodha tatu tofauti: nyumba, mama lishe, na maduka ya rejareja. Mama lishe anayemaliza kilo 25 kwa wiki anataka bei ya gunia na mchele unaovimba sufuriani. Mama wa nyumbani anataka unaonukia. Mkiwachanganya, mmoja wao kila mara anasoma tangazo lisilo lake, na baada ya matatu ya hivyo hafungui tena. Mara moja kwa wiki inatosha kwa nyumba.

Na msifungue grupu badala ya orodha. Kwenye grupu namba za wateja wako wote ziko wazi, na mshindani akiingia, jioni hiyo hiyo amewaandikia mmoja mmoja. Kwenye orodha kila mtu anaona ujumbe kwenye chati yake, na jibu linakuja kwako tu.

Tangazo la "Wateja wetu wapendwa, mzigo mpya umeingia, karibuni sana" halina cha kujibu. Andika: "Mchele wa Kyela umeshuka leo. Kilo 10 ni 30,000, kilo 25 ni 73,000. Boda zinatoka kesho saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Jibu kilo na mtaa." Mteja anaandika "10 Tabata" na kazi imeisha. Bei ni za mfano, msinihukumu kwa bei ya wiki hii sokoni.

Stetasi inakaa saa 24 tu, kwa hiyo msiweke katalogi nzima, picha ishirini za mfululizo. Watu wanaruka baada ya ya tatu. Weka moja ya punje, moja ya wali uliopikwa kwenye sahani, moja yenye bei na saa za boda. Kisha angalia waliotazama. Ukiona mtu ametazama ile ya bei na daftari linasema tarehe yake ni kesho, mwandikie leo. Ila usimwambie "nimeona umeangalia stetasi yangu", inatisha watu. Pia wapo waliozima alama za kusoma. Hao wanatazama bila kuonekana, kwa hiyo orodha ya watazamaji isikufanye umfute mtu.

Kuna swali limeandikwa hapa: mteja amekumbushwa mara mbili, alama zimegeuka bluu, hajibu, tufanyeje? Usitume ya tatu ile ile. Acha siku kumi zipite, kisha uliza kuhusu mchele wenyewe, siyo oda: "Ule wa mwisho ulikuwaje, haukuwa na chenga?" Wengi walionyamaza walikuta kasoro na wakaona aibu kusema. Akikutajia kasoro, mpelekee kilo moja ya mzigo mpya pamoja na boda ya jirani yake, ajaribu. Asipojibu hata hilo, mtoe kwenye daftari la kukumbusha umwache kwenye orodha ya nyumba, apate bei mara moja kwa wiki kama wengine.