Molekuli husafiri umbali gani kabla ya kugongana na nyingine?

Ndugu wasikilizaji, habari za jioni.

Nitaanza na pingamizi, kwa kuwa somo la leo lilizaliwa kutokana na pingamizi. Katikati ya karne ya 19 wanafizikia walikuwa wameanza kukubali kwamba gesi ni chembe zinazokimbia huku na huko, na walikwisha kupiga hesabu ya kasi yake: mamia ya mita kwa sekunde. Hapo Buys Ballot, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, akauliza swali zito. Ikiwa molekuli hukimbia namna hiyo, mbona gesi yenye harufu kali ikifunguliwa kwenye kona ya chumba, aliye kona ya pili hainusi papo hapo? Kwa kasi ya mamia ya mita, chumba kizima kingevukwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Tena hewa ikiwa imetulia, harufu huchukua muda mrefu sana kufika.

Mwaka 1858 mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius alimjibu. Kasi ile ni ya kweli, akasema, lakini molekuli haiendi mbali kabla ya kugonga mwenzake na kugeuzwa njia. Ule umbali inaousafiri kati ya mgongano mmoja na unaofuata, ukichukua wastani wake, ndio tunaouita umbali huru wa wastani. Idadi ya migongano ambayo molekuli moja inapata kwa sekunde ni jambo la pili, na mawili hayo hayaachani: gawanya kasi ya wastani kwa umbali huru, unapata idadi ya migongano.

Tuupate umbali huo wenyewe. Chukulia molekuli ni vitufe vya kipenyo d. Molekuli mbili hugongana pale vitovu vyake vinapokaribiana hadi umbali wa d. Kwa hiyo molekuli inayosonga ni kana kwamba inachonga mrija angani wenye nusu kipenyo kilicho sawa na d, na kila molekuli ambayo kitovu chake kimo ndani ya mrija huo itagongwa. Ukijua zimo ngapi katika kila mita ya ujazo, umeshajua zitagongwa ngapi. Kuna marekebisho moja tu: zile nyingine nazo hazikusimama zikingoja kugongwa. Zinakimbia pia, na kasi ya molekuli mbili zikilinganishwa moja na nyingine ni kubwa kwa wastani mara 1.41, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ukiingiza hilo, na ukiandika wingi wa molekuli kwa kutumia mgandamizo na halijoto, unapata:

λ = kT / (√2 π d² p)

λ ni umbali huru wa wastani, T ni halijoto kwa kelvini, p ni mgandamizo, k ni namba ya Boltzmann.

Tuijaze kwa hewa ya nyuzi 20, kwenye mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari. Kipenyo cha molekuli za hewa ni kama nanometa 0.37. Jibu ni nanometa 66 hivi. Kasi ya wastani ni kama mita 460 kwa sekunde, kwa hiyo kila molekuli hugongana karibu mara bilioni 7 kwa sekunde. Naomba tukae kidogo kwenye namba hii ya 66. Kwa wastani, molekuli na jirani yake zimeachana nanometa 3 na kidogo tu. Kumbe molekuli huwapita majirani wengi bila kuwagusa kabla ya kumgonga mmoja. Wengi huchanganya umbali wa jirani na umbali huru, nao ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na harufu ya Buys Ballot? Molekuli inakimbia mita 460 kwa sekunde, lakini kwa hatua za nanometa 66, kila hatua ikielekea upande mwingine. Ukikokotoa imefika wapi kutoka pale ilipoanzia baada ya sekunde moja, unapata karibu sentimita moja. Mita 460 za kukimbia kwa sentimita moja ya kusogea! Na kwa kuwa mwendo wa namna hii hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, ukitaka ifike mara kumi mbali zaidi, subiri mara mia zaidi. Harufu inayotufikia haraka majumbani huletwa na mikondo ya hewa, si na kukimbia kwa molekuli moja moja.

Sasa mgandamizo. Hapa mambo ni mepesi: halijoto ikiwa ileile, ukipunguza mgandamizo kwa nusu, molekuli zimekuwa nusu, umbali huru umekuwa mara mbili, na migongano ya kila molekuli imekuwa nusu. Kasi haibadiliki, maana kasi hufuata halijoto peke yake. Kwa hewa ya nyuzi 20 kuna njia rahisi ya kukumbuka: zidisha umbali huru kwa milimita na mgandamizo kwa paskali, utapata kama 6.7 daima. Kwenye paskali 1, umbali ni milimita 6.7. Kwenye paskali 0.001, ni mita 6.7.

Halijoto ndiyo inayoponza watu. Mtu akiulizwa, “Gesi ikipashwa moto, migongano inaongezeka au inapungua?” hujibu haraka kwamba inaongezeka, kwa sababu molekuli zinakimbia zaidi. Mimi humrudishia swali: umeipasha ndani ya chombo gani?

Tuchukue hewa yetu na kuongeza halijoto yake maradufu kwa kelvini, kutoka 293 hadi 586, yaani nyuzi 313. Ikiwa chombo kimefungwa na hakitanuki, idadi ya molekuli ndani ya kila mita ya ujazo haijabadilika, na umbali huru unabaki nanometa 66. Ndani ya fomyula T imepanda maradufu, lakini p nayo imepanda maradufu, zikafutana. Kasi imefika mita 655, na migongano imepanda kutoka bilioni 7 hadi karibu bilioni 10 kwa sekunde. Hapo jibu la haraka ni sahihi.

Lakini ikiwa chombo kina pistoni inayosogea bila kizuizi, mgandamizo unabaki uleule na gesi inatanuka. Umbali huru unakuwa nanometa 132. Kasi ni ileile 655, sasa gawanya: migongano bilioni 5. Imepungua! Kasi imeongezeka kwa kipeuo cha pili cha halijoto, lakini umbali huru umeongezeka kwa halijoto yenyewe, yaani zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayesema “halijoto inaongeza migongano” bila kutaja kilichozuiwa kubadilika hajasema kitu kamili.

Niseme pia kwamba molekuli si vitufe vigumu. Huvutana kidogo zikikaribiana, na zile zinazokwenda polepole huvutwa hadi zikagongana wakati zingepishana. Joto likipanda zinapita upesi mno kuvutwa, na kipenyo chake kinaonekana kupungua. Masahihisho ya William Sutherland hushughulikia hilo. Katika mfano wetu wa chombo kilichofungwa, umbali huru haubaki 66 hasa, bali huongezeka kwa kama asilimia 15. Hesabu ya vitufe inatosha kuonyesha mwelekeo, ila usiidai usahihi wa tarakimu tatu.

Kuna jambo lililomshangaza hata mwanafizikia James Clerk Maxwell. Mnato wa gesi, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka, hutegemea molekuli ngapi zinabeba mwendo, na kila moja inaubeba umbali gani. Ukipunguza mgandamizo, wabebaji wanapungua lakini kila mmoja anakwenda mbali zaidi, kwa uwiano uleule. Kwa hiyo mnato haubadiliki! Maxwell alifika kwenye jibu hilo mwaka 1860, akaona ni la ajabu, na baadaye akalipima mwenyewe nyumbani akisaidiwa na mkewe Katherine. Lilikuwa kweli. Upitishaji wa joto katika gesi nao hufuata kanuni hiyo, na wote wawili huiacha pale tu umbali huru unapokaribia ukubwa wa nafasi iliyopo. Baada ya hapo molekuli hugonga kuta mara nyingi kuliko zinavyogongana zenyewe, na fomyula yetu haiwezi tena kukuambia molekuli itasimamishwa wapi. Ukuta umeshajibu.

Nafasi hiyo ya ukuta ndiyo inayoamua kazi ya kupaka kioo alumini ndani ya ombwe, na nataka tuipitie kwa hesabu. Alumini huyeyushwa na kugeuka mvuke chini ya chombo, na kioo kinaning'inia sentimita 30 juu yake. Tunataka atomi ziende moja kwa moja bila kugongana na hewa iliyobaki. Tukumbuke kwamba umbali huru ni wastani: sehemu ya atomi zinazofika bila kuguswa ni e⁻ˣ, ambapo x ni safari ikigawanywa kwa umbali huru. Hata safari ikiwa sawa na umbali huru kamili, ni asilimia 37 tu zinazofika salama. Nitatumia umbali wa molekuli za hewa kwa atomi za alumini. Ni makadirio, lakini yanatosha.

Kwenye paskali 1, safari ni mara 45 ya umbali huru. Hakuna atomi inayofika moja kwa moja. Kwenye paskali 0.01 umbali huru ni sentimita 67, na zinafika asilimia 64. Fundi anaweza kuridhika hapa, kwa kuwa umbali huru umeshapita safari maradufu, na bado theluthi ya atomi zake zimepotoshwa. Kwenye paskali 0.001 zinafika karibu asilimia 96.

Migongano ikiwa mingi, dalili zinaonekana kwa macho. Kingo za umbo zinazotakiwa kuwa kali zinakuwa na ukungu, na alumini inatua hata nyuma ya kishikio, mahali ambapo chanzo hakipaoni kabisa. Ukiona nyuma kumepakwa, usilaumu alumini, angalia mgandamizo. Na geji yenyewe ichunguzwe: ile ya Pirani hupima joto linalobebwa na gesi kutoka kwenye waya, kwa hiyo karibu na mgandamizo wa kawaida haitofautishi mengi, kwa sababu ileile ya Maxwell, na kama chombo kina heliamu badala ya hewa, itasoma vibaya.

Ila fundi asidhani kwamba umbali huru wa mita 6.7 umemaliza kazi. Kwenye paskali 0.001, molekuli za hewa bado zinakipiga kioo kwa wingi wa kutosha kufanya tabaka moja la molekuli kila theluthi ya sekunde, kama zote zingeshika. Alumini inashika oksijeni upesi. Tabaka likikua polepole, litachanganyika na oksidi na kupoteza mng'ao, ingawa karibu kila atomi ilifika bila kugongana na chochote njiani. Hapo dawa ni mbili: kupaka haraka zaidi, au kuiacha pampu ifanye kazi hadi mgandamizo ushuke tena mara kumi.